Mwongozo wa Kumtuliza kwa Haraka Mgonjwa Mwenye Fadhaa Kali: Idara ya Dharura, Bukavu

Kabla ya sindano yoyote, pimeni sukari ya damu, oksijeni na joto, na waulizeni jamaa kuhusu malaria, kifafa, pombe au jeraha la kichwa, kwani fadhaa mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa mwili. Mtu mmoja tu azungumze na mgonjwa kwa upole, kwa Kiswahili au Mashi, na ampe kwanza dawa ya kumeza.

Akikataa na hatari ikiendelea, daktari aagize haloperidoli miligramu 5 pamoja na prometazini miligramu 25 hadi 50 msulini. Mzee apewe nusu au pungufu. Diazepamu isichomwe msulini, kwa kuwa hufyonzwa bila uhakika.

Baada ya sindano muuguzi asiondoke kitandani. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila dakika 30 hadi mgonjwa aweze kutembea, aandike pumzi, mapigo, shinikizo la damu, joto, oksijeni na kiwango cha fahamu. Pumzi zihesabiwe kwa kutazama kifua dakika nzima, maana aliyetulia mno ndiye anayesahaulika. Zikishuka chini ya 10, alazwe kiubavu, apewe oksijeni na daktari aitwe mara moja. Shingo ikikakamaa kutokana na haloperidoli, apewe biperideni.