Jedwali la Tathmini ya Ushirikishwaji wa Wadau: Kulinda Chemchemi Tatu za Kijiji, Wilaya ya Mufindi

Mwandaaji: Mratibu wa mradi, kwa niaba ya kamati ya mazingira ya kijiji
Toleo: la pili, wiki ya kwanza ya Mei
Wasomaji: wajumbe wa kamati, mwenyekiti wa kijiji, afisa mtendaji wa kijiji, viongozi wa jumuiya ya watumia maji

Tunachotaka kufanya

Kuondoa miti 1,140 ya milingoti iliyo ndani ya mita 60 kutoka chemchemi tatu na vijito vyake, kuhamishia vinyungu 23, yaani bustani za bondeni za kiangazi, nje ya eneo hilo, na kupanda mivengi na miti mingine ya asili inayotunza maji.

Oktoba iliyopita tulipima chemchemi kubwa inayolisha tenki. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Hiyo ni lita 10,800 kwa siku, na kijiji kina kaya 412, kwa hiyo kila kaya inabaki na lita 26. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka lita 25 kwa siku kwa kila mtu mmoja. Mama anayeamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo haihitaji hesabu hii, lakini mwenye miti aliyeko mjini anaihitaji, na ndiyo maana nimeiweka hapa juu.

Namna ya kusoma jedwali

S ni pale mdau alipo sasa, L ni pale tunapolenga afike. Alama ya S haikuwekwa kwa kukisia: imetokana na mazungumzo ya ana kwa ana ya Machi na Aprili, au na mahudhurio ya mikutano miwili iliyopita. Si kila mdau anatakiwa kufika "Anaongoza". Dalali akiacha tu kununua miti michanga ya bondeni, kwetu inatosha.

| Mdau | Hana habari | Anapinga | Hana upande | Anaunga mkono | Anaongoza | Hatua na mwenye jukumu |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kina mama wa vinyungu (17 kati ya wakulima 23) | S | | | L | | Kuwatembelea shambani mmoja mmoja, kisha kupima pamoja viwanja mbadala. Mratibu na mjumbe mwanamke wa kamati, kabla ya 25 Mei |
| Wenye milingoti waishio mjini (9) | S | | | L | | Simu, kisha mwaliko kupitia ndugu aliyebaki kijijini. Mwenyekiti, Mei yote |
| Wenye milingoti waishio kijijini (14) | | | S | L | | Kuhesabu miti pamoja, makubaliano ya maandishi ya kila shamba. Afisa mtendaji, hadi 15 Juni |
| Mwenye shamba kubwa la bondeni (miti 380) | | S | L | | | Wazee wawili kumfuata nyumbani. Hakuna barua. Mei |
| Kijiji jirani, chini ya mkondo | S | | | L | | Kikao cha serikali mbili za vijiji, kisha matembezi hadi chemchemini. Mwenyekiti, Juni |
| Wazee wa koo | | | S | | L | Kuwaomba waoneshe mipaka ya zamani ya chemchemi. Katibu wa kamati, Mei |
| Jumuiya ya watumia maji | | | | S | L | Kukabidhiwa upimaji wa ndoo kila mwezi. Mratibu, Mei |
| Halmashauri ya kijiji | | | | S | L | Kuandaa rasimu ya sheria ndogo. Afisa mtendaji, Julai |
| Wakala wa maji vijijini, RUWASA wilaya | | | | S, L | | Taarifa fupi kila robo mwaka |
| Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa | S | | | L | | Barua yenye ramani na vipimo, kuomba wataalamu waje. Mratibu, Juni |
| Makanisa mawili ya kijiji | S | | | L | | Kuongea na mchungaji na katekista, matangazo baada ya ibada. Mei |
| Shule ya msingi | S | | | L | | Kitalu cha mivengi. Mwalimu wa mazingira, Juni |
| Madalali wa nguzo na kuni | S | | L | | | Kuwaeleza mipaka na utaratibu wa kibali. Afisa mtendaji, Juni |

Njia kutoka "Hana habari" hadi "Anaunga mkono"

Katika jedwali njia hii inaonekana imenyooka. Kijijini haijanyooka. Asiye na habari akizipata kwa mdomo usiofaa hupita kwanza kwenye "Anapinga", na akishasema "sitaki" mbele ya watu, kumrudisha ni kazi ya mwaka. Miaka ya nyuma ulipita hapa mradi mmoja ambao vijana wake walipaka miti X nyekundu kabla ya kuongea na yeyote. Kwa watu wetu X nyekundu maana yake ni kubomolewa. Jioni ile ile habari ilifika kilabu cha ulanzi kwamba ardhi ya bondeni imechukuliwa, na mradi haukupanda hata mche mmoja.

Kwa hiyo mpangilio wa nani anasikia kwanza ni sehemu ya mpango. Wazee na kina mama wa vinyungu wasikie kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Wenye miti wa mjini wasikie kabla ya dalali. Rangi yoyote isiguse mti mpaka mwenye mti awe amesaini.

Kina mama wa vinyungu

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo, na hapa ndipo tunaweza kukosea vibaya zaidi. Kinyungu hulimwa kiangazi, bonde likiwa bado na unyevu, na mahindi mabichi, maharage na mboga zake huliwa miezi ambayo ghala limekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Tukianza na kifungu tutakuwa sahihi kisheria na tutakuwa tumewapoteza.

Aprili nilikaa na mama mmoja kwenye tuta lake, hatua kama 20 tu kutoka kwenye jicho la chemchemi. Baada ya "kamwene" na habari za nyumbani nilimuuliza kinyungu kinampa nini. Hakutaja magunia. Aliinama, akachimbua udongo mweusi kwa vidole, akanionesha maji yanavyojikusanya kwenye shimo la kina cha kiganja. "Mwanangu, sare za Januari zinatoka hapa. Ukinihamisha, nihamishie na haya maji."

Hiyo ndiyo hatua yetu, kwa maneno yake. Maji yanayomwagika kwenye tenki usiku yataelekezwa kwa bomba hadi kwenye viwanja mbadala vilivyo mita 90 kutoka kijitoni. Bomba litangulie, kuhama kufuate. Msimu huu wa kiangazi kila mama alime kinyungu chake cha zamani na kiwanja kipya kwa pamoja, aone mwenyewe. Kuanzia kiangazi kijacho, cha zamani kinapandwa mivengi.

Wajumbe wawili walipendekeza tuwape miche ya parachichi kama fidia. Naipenda parachichi kama zao, ila mche wa kupandikizwa huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na mtoto anakula leo. Miche itolewe kama nyongeza. Asiambiwe mama yeyote kwamba inachukua nafasi ya kinyungu.

Tutabadilisha alama kutoka "Hana habari" pale tu mama atakapoweza kutueleza mpango kwa maneno yake. Itafika "Anaunga mkono" akishachagua kiwanja na kuweka vigingi vyake vya mpaka. Kuitikia kwa kichwa mkutanoni hatutakuhesabu.

Wenye milingoti wa mjini

Hawa tisa wana miti 460 kwa jumla. Walipanda kama akiba, na mlingoti unaokua vizuri ni nguzo ya umeme inayosubiri mnunuzi. Hofu yao itakuwa moja: kwamba kijiji kinataka mali yao bure. Mwenyekiti aanze simu kwa sentensi hii, nayo isibadilishwe: "Miti ni yako, utaikata mwenyewe na kuiuza mwenyewe. Tunachoomba ni usipande tena milingoti hapo."

Utaratibu tunaopendekeza: miti iliyo ndani ya mita 15 kutoka jicho la chemchemi ikatwe kiangazi hiki. Iliyobaki ivunwe ndani ya viangazi vitatu, kila mmoja akichagua wakati bei inapomfaa. Visiki visingʼolewe, maana mizizi inashikilia kingo. Lakini mlingoti ukikatwa huchipua, na machipukizi yakiachwa tunarudi tulipotoka, kwa hiyo kila makubaliano yataje nani anayakata na mara ngapi. Vijana wa kitongoji cha bondeni wamekubali kazi hiyo kwa malipo ya kuni.

Ndugu aliyebaki kijijini aalikwe kama shahidi. Kwa uzoefu wangu yeye ndiye anayeulizwa usiku, simu ikishakatwa: "Hawa watu ni wa kweli?"

Mwenye shamba kubwa

Anapinga, na ana sababu. Aliuza ng'ombe kununua miche, na ile X nyekundu ilikuwa kwenye miti yake. Tukimlenga "Anaunga mkono" kwa mwaka mmoja tutamsukuma, naye si mtu wa kusukumwa. Tunaomba jambo moja: asipande upya kwenye mita 15 za kwanza. Wazee wawili waliosoma naye waende jioni, wakae, wasikilize. Akikataa, warudi baada ya mavuno ya mahindi. Sheria ndogo isiletwe mkutano mkuu kabla hajasikilizwa, hata kama kura tunazo.

Kijiji jirani

Kijito chetu kinaishia kwenye mashamba yao. Wakisikia neno "tenki" peke yake wataelewa kwamba tunafunga maji. Waje wapime ndoo wenyewe na namba waziandike kwenye daftari lao.

Waliobaki

RUWASA wanatosha walipo. Bodi ya Bonde tunawahitaji kwa kuweka alama za mipaka ya chanzo. Kwa makanisa, nimeongea na mchungaji na tangazo la kwanza liko tayari. Halmashauri ya kijiji ikumbuke kwamba sheria ndogo lazima ipate maoni ya mkutano mkuu na idhini ya halmashauri ya wilaya, kwa hiyo Julai si mapema.

Ufuatiliaji

Kamati itasoma jedwali hili Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi. Anayetaka kusogeza S aje na ushahidi: saini, kiwanja kilichopimwa, mti uliokatwa au daftari la ndoo. Mdau aliyerudi nyuma aandikwe siku hiyo hiyo kwa wino mwekundu, pamoja na jina la mjumbe atakayemtembelea ndani ya siku 7. Nakala moja inabandikwa ukutani, bila safu ya mwenye shamba kubwa. Yake inabaki kwenye faili la mwenyekiti.