Ofa ya Kufungua Shule, Januari 2026

Ya Krismasi imeisha jamani, sasa ni zamu ya wanafunzi. Begi la mgongoni lililokuwa 35,000 sasa ni 25,000, zipu ya chuma na mshono wa mkanda umerudiwa mara mbili maana tunajua watoto wanavyobeba vitu. Viatu vyeusi vya ngozi 28,000, namba 30 mpaka 42, njoo na mtoto ajaribu. Kauntabuku kwaya 3 ukichukua dazeni tunakupunguzia, tutaongea.

Tupo Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mpaka tarehe 31 au mzigo ukiisha. Mikoani tunatuma kwa basi, unalipa kwa M-Pesa kwanza.

Seivu linki hii ya /ofa, haibadiliki, Ramadhani ikikaribia utakuta kanzu na madera hapahapa.