Okoth, taniboi wa Mzee Salim: maelezo ya mhusika kwa waigizaji wa "Njia ya Elegu"

Okoth ana miaka 24, Mjapadhola wa Tororo, taniboi kwenye lori la trela linalobeba unga wa mahindi kwenda Juba. Linaingia Uganda kwa Malaba, linapita Mbale, Soroti, Lira, Kamdini na Gulu, halafu linateremka Elegu kuvuka kwenda Nimule. Dereva ni Mzee Salim wa Mombasa, ambaye deni la hospitali la mkewe linamfanya ashike usukani saa ambazo angepaswa kuwa amelala. Hadithi ni ya Mzee, na ni nzito. Okoth ndiye anayetupa pumzi.

Anachekesha kwa sababu ana bidii. Akigonga matairi kwa nyundo asubuhi, anaamkia kila moja kwa jina, na lile lililofanyiwa viraka anamwita Bibi na kumuuliza amelalaje. Lori likirudi nyuma, yeye husimama kule mwisho wa trela akitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Njoo Mzee, njoo, njoo! Kata kulia kidogo! Beki amelala, njoo! Simama hapo, goli!" Mzee hajibu. Hajawahi kucheka hata mara moja, na hilo halimkatishi Okoth tamaa. Mwigizaji asimchezee kama mpumbavu. Huyu ni kijana anayeipenda kazi kuliko kazi inavyompenda.

Anataka kuwa dereva. Hataki kusubiri mpaka achakae kama mataniboi wenye mvi tutakaowaona Kamdini. Nyumbani ameshasema uongo: mama yake, anayechoma mahindi kando ya barabara ya Mbale, anaamini mwanawe ndiye mwenye gari. Ndiyo maana wakikaribia pale katika onyesho la 6, Okoth anamwomba Mzee apige honi, kisha anajikunja kuelekea kulia mpaka shavu linakaribia bega la Mzee na mkono wake unaonekana juu ya usukani. Watazamaji watacheka. Kamera ibaki kwa mama, anapunga mkono kwa fahari, mpaka kicheko kiishe chenyewe.

Kuna kichekesho kingine, kinachorudi mara tatu, na tafadhali kisifupishwe hata tukibanwa na muda. Soroti, Mzee anaamka na kukuta lori limesogea hatua mbili. "Okoth, gari niliiacha hapa?" "Mzee, hii yadi ina mteremko." Yadi ni tambarare kama meza. Lira limegeuka ubavu. "Upepo, Mzee. Huku upepo una nguvu." Gulu limeegeshwa vizuri kuliko alivyoliacha, katikati ya malori mawili, na safari hii Mzee anazunguka gari lote akipima nafasi kwa kiganja. Hasemi kitu. Anamtazama Okoth akipuliza jiko la mkaa, halafu anaomba chai. Hapo Mzee anajua. Mtazamaji makini naye atajua.

Elegu, onyesho la 38. Usiku, mvua, mto Unyama umefurika kama unavyofanya mara kwa mara, na maji yanaingia kwenye maegesho. Mzee anapanda kukaza turubai, anateleza kwenye tope na kuvunjika mkono wa kulia. Malori ya mbele yamezimika. Njia pekee ni kurudi nyuma mpaka barabara ya juu, trela nzima, gizani, kati ya mistari miwili ya magari.

MZEE SALIM: Panda.

OKOTH: Mzee, sina leseni.

MZEE SALIM: Soroti ulikuwa nayo? Panda, kijana.

Okoth anapanda. Kwa mara ya kwanza katika filamu hana neno. Gari linazimika. Analiwasha tena, trela linaanza kujikunja vibaya, anakanyaga breki na kuganda. Ndipo sauti inatoka nyuma, ya mzee aliyesimama kwenye maji ya magotini na mkono ameufunga kwa shati.

MZEE SALIM: Njoo Okoth! Njoo, njoo! Kata kushoto! Beki amelala, njoo!

Mzee asiigize mzaha hapa. Anayasema maneno hayo kwa uzito wote, kwa sababu ndiyo maelekezo bora aliyowahi kuyasikia, na alikuwa akiyasikiliza siku zote. Okoth anacheka na kulia kwa pamoja, mikono yake inatulia, trela linanyooka.

Leseni hapati ndani ya filamu hii, tungekuwa tunadanganya. Tajiri anatuma dereva mwingine wa kurudisha gari. Wakifika Tororo, Mzee anaomba lisimame, anateremka taratibu na bandeji yake, ananunua mahindi mawili.

MAMA: Wewe ni nani kwa mwanangu, Mzee?

MZEE SALIM: Mimi? Mimi taniboi wake.