Kuhusu Sisi

Sisi ni marafiki wawili tuliozoea kunywa kahawa pamoja kila asubuhi kabla ya kazi, na shughuli hii yetu ya kukaanga na kuuza kahawa ilianza kwa kikaango kimoja cha chuma, mwiko wa mbao na nusu kilo ya buni mbichi, ambayo tuliiunguza yote siku ya kwanza. Leo tunatumia mashine ya kukaangia kilo 5 kwa mkupuo mmoja, lakini bado tunasimama kando yake wenyewe: mmoja hutazama rangi ikigeuka kutoka kijani hadi manjano, kisha hudhurungi, huku mwenzake akitega sikio kusubiri buni zianze kupasuka kwa mlio, kwa kuwa dakika moja au mbili baada ya mlio huo ndizo zinazoamua kama kahawa itabaki na utamu wake au itakuwa chungu. Kila mfuko una tarehe ya kukaangwa. Tunakuomba, hata harufu ikikushawishi, usubiri siku chache kabla ya kuipika, ili hewa ya kaboni dioksidi iliyomo ndani ya buni ipungue na ladha itulie. Kahawa ambayo mmoja wetu hakuridhika nayo alipoionja haiuzwi.