Mchuzi wa samaki wa nazi

Mwanangu,

Ulisema nazi za kukuna huko hazipatikani. Nunua tui la kopo la mililita 400, lisilotiwa sukari. Usilitikise. Tui zito hujikusanya juu, lichote kwa kijiko uliweke kando. La chini, jepesi, ndilo la kupikia.

Samaki yeyote mwenye nyama ngumu atafaa, nusu kilo. Mpake chumvi na saumu, umkaange juu juu tu, asiive.

Kaanga kitunguu, nyanya mbili na bizari nusu kijiko cha chai, kisha mimina tui jepesi. Pilipili mbuzi kama hakuna, tia pilipili kavu moja, nzima, isipasuke.

Samaki aingie, halafu tui zito. Hapo usishike simu! Moto mdogo, koroga polepole. Likichemka kwa nguvu litakatika.

Badala ya ukwaju, kamulia limau na sukari nyekundu kidogo, moto ukishazimwa. Siki usiguse. Baba yako aliwahi kuijaribu, siku hiyo tukala wali mkavu.

Doa hili hapa pembeni ni bizari, usijali.

Mama