Naomba ofu Ijumaa tarehe 24

Jumanne tarehe 21, saa 1 na nusu jioni, kwa Dada Rehema

Dada Rehema shikamoo, samahani nakusumbua muda huu. Naomba ofu ya siku moja, Ijumaa hii tarehe 24. Kichwa kimechoka dada, ni mambo ya afya ya akili na nataka nipumzike mapema kabla sijaanza kuharibu kazi za watu. Undani wake naomba ubaki kwangu. Ritani ya VAT tulishaituma jana tarehe 20 kwa hiyo Ijumaa hakuna kitu cha TRA kinachotudai, na Kelvin nimeshaongea nae kakubali kunishikia. Ikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Jumatatu tarehe 27 saa 2 asubuhi nipo mezani kwangu. Asante dada.

Saa 2 usiku, Dada Rehema

Marahaba mdogo wangu. Pole jamani. Lakini ni nini hasa? Umeenda kupima maleria, yutiai? Au ni mambo ya nyumbani? Niambie tu mimi ni dada yako, maana nikimpelekea Mama Irene ataniuliza na sitakuwa na la kumjibu

Saa 2 na dakika 20, kwa Dada Rehema

Asante dada, najua unauliza kwa wema. Si maleria wala yutiai, na ningeweza kabisa kukwambia ni maleria ukaniamini, kila mtu Dar anaiamini maleria, ila sitaki nianze kutafuta karatasi ya zahanati kwa kitu ambacho sina. Sijachanganyikiwa pia (najua neno akili linavyoshtua watu hahaha). Nakula, nalala kiasi, kazi nafanya, ila nimechoka uchovu ambao hata wikiendi mbili hazijaumaliza. Zaidi ya hapo naomba uniwie radhi nisiseme, na siku nikiona inafaa ujue zaidi nitakuja mwenyewe.

Mama Irene akiuliza mwambie ni sababu binafsi ya kiafya na siombi siku ya ugonjwa. Likizo ya ugonjwa inataka cheti cha daktari na mimi sina, ndio maana nimeomba ya kawaida. Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 31 inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, na pale pale inasema mfanyakazi akiomba ruhusa ya siku kadhaa yenye malipo na mwajiri akampa, siku hizo zinaweza kupunguzwa kwenye zile 28. Mimi nimetumia 9 tu. Kwa hiyo kampuni haipotezi kitu dada, ni siku yangu mwenyewe naiomba mapema.

Saa 3 usiku, Dada Rehema

Haya umeniwahi na sheria tena 😂 sawa mama, mimi sina neno. Mwandikie Mama Irene kesho asubuhi mimi niweke kwenye nakala. Na watu wa ofisini wakiuliza uko wapi?

Saa 3 na dakika 5, kwa Dada Rehema

Asha ana ruhusa. Basi dada, inatosha hiyo.

Jumatano tarehe 22, barua pepe kwa Mama Irene wa Utumishi, nakala kwa Dada Rehema

YAH: RUHUSA YA SIKU MOJA, IJUMAA TAREHE 24

Mama shikamoo.

Naomba ruhusa ya siku moja Ijumaa tarehe 24, ikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Sababu ni binafsi ya kiafya. Dada Rehema ameridhia, kazi zangu za siku hiyo atazishika Kelvin na makabidhiano ya maandishi atakuwa nayo Alhamisi jioni. Narudi Jumatatu tarehe 27.

Naomba jambo moja mama. Kwenye ule ubao wa ruhusa pale mapokezi iandikwe "Asha, ruhusa" bila sababu. Mwaka jana mtu aliandikiwa "presha" mbele ya jina lake na wateja wakawa wanampa pole kwenye lifti wiki nzima, mpaka wa ghorofa nyingine. Taarifa ya kwamba ni ya kiafya naomba iishie kwako na kwa Dada Rehema.

Nashukuru mama.
Asha, Uhasibu

Alhamisi tarehe 23, saa 10 jioni, kwa Kelvin

Kelvin mambo, hii hapa kabla sijaondoka maana nikiingia kwenye mwendokasi ya Kimara muda huu sitaweza hata kunyanyua mkono kuandika.

Ankara zilizobaki ni 6, ziko kwenye faili la kijani juu ya printa. Nne ni za kawaida, Dada Rehema ameshasaini, we lipa tu kabla ya saa 6 mchana. Ile ya mafuta ya jenereta USILIPE, jamaa kaleta risiti ya mkono na mimi nimemwambia mara tatu tunataka ya EFD, atakuja kukulilia pale mapokezi na ana maneno matamu sana, usimwonee huruma. Ya sita ni ya fundi wa viyoyozi, hiyo ni huduma kwa hiyo kata kwanza kodi ya zuio asilimia 5 ndio umlipe inayobaki, na mwambie kabisa kabla hujatuma hela asije akasema tumempunja. Nimekuandikia hesabu kwa penseli pembeni ya ankara yake.

Pesa ndogondogo kwenye boksi ni laki 3 na elfu 40, nimehesabu nae Dada Rehema na ufunguo anao yeye. Dereva akitaka hela ya kivuko asaini kwanza kwenye daftari, najua ni usumbufu lakini mwezi uliopita tulikosa elfu 12 ambayo mpaka leo hatujui ilikoenda na nililala naiwaza.

Mishahara usiiguse, hiyo naanza mwenyewe Jumatatu, PAYE yake tunalipa mpaka tarehe 7 mwezi ujao kwa hiyo hakuna presha. Simu yangu itakuwa imezimwa kesho mpaka saa 11 jioni. Kikiharibika kitu mpigie Dada Rehema usinisubiri.

Saa 10 na nusu, Kelvin

Poa dada angu nimeyaona yote. Ila we uko sawa kweli? Kuna mtu kaniambia unaacha kazi

Saa 10 na dakika 35, kwa Kelvin

Siachi kazi, hiyo kamwambie alokwambia. Napumzika siku moja tu kaka. Asante kwa kunishikia, nakudai chai na chapati mbili, au nimekosea, wewe ndo unanidai 😅

Ijumaa tarehe 24, jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe

Habari, leo Ijumaa sipo ofisini. Masuala ya malipo na ankara mwandikie Kelvin wa Uhasibu. Mengine nitayajibu Jumatatu tarehe 27. Asha.

Jumatatu tarehe 27, saa 2 na dakika 10 asubuhi, kwa Dada Rehema

Dada shikamoo, nimerudi na naanza na mishahara. Asante sana kwa Ijumaa, na asante haukupiga. Nilipanda pantoni nikaenda Kigamboni, nikakaa tu.

Leo ukipata dakika 10 baada ya chakula cha mchana naomba tuongee kuhusu zile meseji za kazi za saa 5 usiku kwenye grupu. Sio lawama dada, na mimi mwenyewe huwa nazijibu.

Saa 2 na robo, Dada Rehema

Marahaba. Njoo saa 8. Na fundi wa viyoyozi amekuja anasema mmempunja