YAH: Mzigo wa magunia na maturubai uliofika Mtambwe haulingani na oda yetu – ankara Na. 0417

Mtambwe, Wilaya ya Wete, Pemba
3 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Assalaam alaykum.

Mzigo tuliouagiza kwenu tarehe 14 Agosti kwa ajili ya kikundi chetu cha wakulima wa karafuu umetufikia jana, Jumanne tarehe 2 Septemba, saa nane za mchana. Tumeufungua na kuuhesabu wote siku hiyo hiyo. Magunia ni pungufu, na 200 kati ya yaliyokuja si ya juti. Maturubai kumi na mawili ni madogo kuliko tuliyoyalipia. Tunaomba mtuletee magunia 287 mapya ya juti na maturubai 12 ya mita 6 kwa 8 si zaidi ya Jumatano tarehe 17 Septemba, na mchukue yasiyokuwa yetu kwa gharama zenu. Maelezo kamili ni haya, pamoja na picha tisa tulizoziambatanisha.

Kwanza oda yenyewe, ili tusije tukabishana juu ya kilichoagizwa. Tuliagiza magunia mapya ya juti 600, kila moja la kuchukua kilo 50, yafungwe marobota 12 ya magunia hamsini hamsini, kwa shilingi 4,000 gunia, maturubai 20 ya mita 6 kwa 8, kwa shilingi 95,000 moja, kamba ya katani mabunda 10, shazia 24, na mizani ya kuning'iniza 2. Bidhaa zote ni shilingi 4,614,000, na nauli hadi bandari ya Mkoani shilingi 310,000, jumla 4,924,000. Tumeshalipa 4,000,000 kwa benki. Salio la 924,000 tulikubaliana kulilipa mzigo ukishapokelewa ukiwa kamili. Ankara yenu imeandika hivyo hivyo, neno "juti" limo na kipimo cha maturubai kimo (Picha ya 1).

Bandarini Mkoani mzigo ulikuwa bado umefungwa, na gari la kuuleta Mtambwe lilikuwa linasubiri. Mwenzetu aliyekwenda kuupokea alitia saini hati ya makabidhiano, lakini juu ya saini yake aliandika kwa mkono: "Marobota 11, hayajafunguliwa wala kuhesabiwa." Tafadhali itazameni nakala yenu, maneno hayo yapo (Picha ya 2). Ghalani tulifungua mbele ya mwenyekiti, mtunza ghala, dereva wa gari na Sheha wa shehia yetu, na wote wanne wametia saini karatasi ya hesabu (Picha ya 3).

Hesabu ya magunia ilikuwa hivi. Robota la kumi na mbili halikuja kabisa. Katika kumi na moja yaliyokuja, saba ni ya juti na manne ni mapolo ya plastiki, yale yanayotiliwa mchele. Marobota sita ya juti yalitimia hamsini kila moja. La saba lilikuwa na 44 tu, ingawa kibandiko chake kinasema 50. Kwa hiyo magunia ya juti yaliyofika ni 344, na mapolo ya plastiki ni 200. Katika hayo 344, tumekuta 31 yamekwisha kutumika. Yameshonwa viraka, ndani yana vumbi la unga, na baadhi yananuka mafuta. Yote 31 yalikuwa katikati ya robota moja, yamezungukwa na mapya. Picha ya 4 inaonesha gunia la sampuli mlilotupa wakati tunaagiza, likiwa limewekwa baina ya polo la plastiki na gunia lililotumika. Picha ya 5 ni mapolo yote 200 yamepangwa ishirini ishirini ili muweze kuyahesabu wenyewe.

Basi magunia tunayoyakubali ni 313. Yanayokosekana ni 287, yenye thamani ya shilingi 1,148,000.

Maturubai yamekuja 20 kwa idadi. Tulipoyakunjua, manane yalikuwa sahihi na kumi na mawili ni ya mita 4 kwa 6. Mifuko yake imechapishwa 4 x 6 kiwandani, na juu yake mtu ameandika 6 x 8 kwa kalamu ya wino mzito (Picha ya 6 na ya 7). Hatumtuhumu mtu yeyote. Huenda stoo yenu mifuko ilichanganyika. Lakini turubai la 4 kwa 6 lina mita za mraba 24, na la 6 kwa 8 lina 48. Tumetozwa bei ya zima kwa kitu ambacho ni nusu kamili. Picha ya 8 inaonesha utepe wa kupimia ukiwa umelazwa kwenye pande zote mbili, na namba zinasomeka. Thamani ya maturubai hayo kwa bei ya ankara ni shilingi 1,140,000.

Kamba, shazia na mizani zimetimia na ni nzuri. Mizani tumezijaribu kwa jiwe la kilo 20 na zote mbili zimesoma sawa (Picha ya 9). Hizo tumezipokea na hatuna la kusema.

Jana jioni tuliwapigia simu, na afisa wenu aliyepokea alitujibu kwa adabu, tunamshukuru. Alisema polo la plastiki ni imara zaidi kuliko gunia, na kwamba maturubai madogo tunaweza kuyashona mawili mawili. Tunaomba tulijibu hili kwa urefu kidogo, kwa sababu tunaona ofisini kwenu haifahamiki kwa nini tuliagiza tulichoagiza.

Karafuu inaanikwa juani siku nne au tano, na hata ikikauka vizuri bado inavuta unyevu wa hewa, na hapa kisiwani unyevu haukosekani. Gunia la juti linapumua. Polo la plastiki linafungia jasho ndani, karafuu inaota ukungu na kupoteza rangi, na mkulima anayekwenda kuuza ZSTC anajikuta daraja limeshuka kwa mzigo ule ule aliouchuma kwa jasho lake. Magunia yaliyotumika ni mabaya vile vile. Karafuu thamani yake ni mafuta na harufu yake. Ukiitia katika gunia linalonuka mafuta mengine, umeiharibu kabla haijafika kwenye mizani. Uimara wa polo hatuukatai, ila siyo tulichokihitaji.

Ama kushona maturubai, tatizo ni mshono. Mvua ya vuli haipigi hodi. Karafuu zikiwa zimetandazwa kwenye majamvi, wingu likitokea watu wanakimbia kuanua, na zisizowahi kuanuliwa zinafunikwa pale pale. Maji yanatafuta tundu za sindano katikati ya turubai, ndipo hasa penye karafuu nyingi. Tuliichagua mita 6 kwa 8 kwa sababu tuliipima: inafunika uanio mzima wa familia moja kwa kipande kimoja, na watu wawili wanaweza kuivuta. Wengi wa wanaoanika kwetu ni akina mama na wazee. Hatuwezi kuwapa kitu kitakachowaangusha siku ya mvua.

Na wakati hautusubiri. Mashamba ya mabondeni wameshaanza kupanda juu ya mikarafuu kuchuma. Wachumaji wanalipwa kwa pishi siku ile ile, kwa hiyo mkulima anatoa fedha kabla hajapata hata senti, na karafuu yake ikikosa gunia inabaki imerundikwa ndani ya nyumba anamolala na watoto. Fedha tulizowatumia ni michango ya wanachama. Kuna waliochangia shilingi elfu kumi kumi, wiki kwa wiki, na sasa wanakuja ghalani kuuliza magunia yao. Ndiyo maana tumeweka tarehe.

Tunachokitaka ni hiki. Tunabaki na magunia 313, maturubai 8, kamba, shazia na mizani. Nyinyi mnatuma magunia 287 mapya ya juti, sawa na sampuli, na maturubai 12 ya mita 6 kwa 8, yafike Mkoani si zaidi ya tarehe 17 Septemba, nauli ya majini na ya gari hadi ghalani ikiwa juu yenu. Chombo kitakacholeta hayo kirudi na mapolo 200, magunia 31 yaliyotumika na maturubai 12 madogo. Vyote hivyo tumeviweka pembeni, juu ya mbao, havijatumika na havitatumika. Mkishaleta na tukahesabu pamoja na mtu wenu, salio la shilingi 924,000 tutalilipa siku hiyo hiyo.

Ikiwa hamuwezi kuleta kwa tarehe hiyo, tuambieni mapema, tusikae tukisubiri. Hapo tutaomba turejeshewe fedha. Thamani ya visivyokuja sahihi ni 1,148,000 na 1,140,000, jumla 2,288,000. Tukiondoa salio la 924,000 ambalo halijalipwa, mtaturejeshea shilingi 1,364,000, nasi tutanunua kwengine. Kupunguziwa bei ili tubaki na mapolo hatutaki. Wanachama wamelikataa hilo kikaoni jana usiku.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo na sampuli iliyouziwa, na inampa mnunuzi haki ya kupokea alichoagiza na kukataa kilichochanganywa nacho. Tunaitaja kwa sababu ndiyo tunayoitegemea katika kugawa mzigo huu sehemu mbili, iliyopokelewa na iliyokataliwa. Tumefanya biashara nanyi misimu miwili iliyopita bila ya tatizo, na tungependa kununua kwenu tena.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa kumi za jioni, likituambia mnachagua njia ipi na mzigo utapanda chombo cha siku gani. Mkitaka kuja kuona wenyewe, au kumtuma mtu wenu aliyepo Unguja au Chake Chake, ghala liko wazi kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Ijumaa wakati wa sala. Karatasi ya hesabu ya asili ipo kwa mtunza ghala.

Wabillahi tawfiq.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa kikundi cha wakulima wa karafuu, Mtambwe

Viambatanisho: picha 9, nakala ya ankara Na. 0417, nakala ya hati ya makabidhiano, karatasi ya hesabu yenye saini nne, risiti ya benki ya shilingi 4,000,000.

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi, Mshika fedha, Sheha wa shehia.